Mchanganuo wa Kazi na Kanuni ya Asilimia Mia

Mchanganuo wa kazi ni mti wa mradi. Juu kabisa hukaa zao lote linalotakiwa, chini yake sehemu zake, na mwisho wa kila tawi kuna fungu la kazi ambalo linaweza kukabidhiwa mtu, kukadiriwa na kukaguliwa. Wizara ya Ulinzi ya Marekani na shirika la NASA waliuweka utaratibu huu kwenye mwongozo mwaka 1962, walipokuwa wakijenga mitambo mikubwa. Wapo wanaouita mgawanyo wa kazi, lakini jina hilo kwetu tayari linajibu swali jingine: nani afanye nini. Hapa tunauliza kwanza zao lina nini ndani yake, ndiyo maana napendelea mchanganuo. Kwa sababu hiyohiyo, matawi yake huandikwa kwa majina ya vitu vitakavyokuwepo, kama msingi, kuta na paa. Kanuni inayoyalinda ni ya asilimia mia: watoto wa kila tawi, wakijumlishwa, wawe sawa na mzazi wao, wasipungue wala wasizidi.

Uzito wa kanuni hiyo unaonekana kwenye maboma. Tuseme shule moja ya Ringwani, mkoani Mara, inajenga madarasa mawili kwa shilingi milioni 40, yaani milioni 20 kwa darasa, kiwango kilichotumika katika mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021. Kwa mfano, msingi uchukue milioni 7, kuta hadi linta 8, paa 10, umaliziaji 10, madawati 3, usimamizi na makabidhiano 2. Kuta zikifika kwenye linta, kazi iliyokamilika ni milioni 15 kati ya 40, chini kidogo ya asilimia 38. Sasa kamati ikiorodhesha msingi, kuta na paa tu, jumla inakuwa milioni 25, na boma lilelile linaripotiwa kufika asilimia 60. Hakuna aliyedanganya, matawi matatu hayakuandikwa. Fedha zitakwisha paa likiwa juu, na darasa litabaki bila sakafu, milango wala madawati.

Kuzidi nako kuna madhara. Anayeweka tawi la vifaa kando ya msingi na kuta, huku saruji ikiwa tayari imehesabiwa ndani ya msingi, ameihesabu mara mbili. Kipimo ni maswali mawili: watoto wote wakikamilika, je, mzazi amekamilika? Na mtoto mmoja akiondolewa, je, mzazi anapungukiwa? Jibu la kwanza likiwa hapana, kuna pengo. La pili likiwa hapana, kuna ziada.

Tushuke hadi wapi? Wengi hufuata kadirio la saa 8 hadi 80 kwa kila fungu, lakini kwenye ujenzi kigezo bora ni ukaguzi. Kenchi zitenganishwe na mabati, kwa sababu bati likishapigwa, maungio mengi ya mbao hayaonekani vizuri tena. Kifusi kilichoshindiliwa kitenganishwe na jamvi la zege kwa sababu hiyohiyo. Rangi haihitaji kugawanywa ukuta kwa ukuta: fundi ni mmoja, malipo ni mamoja, na kasoro huonekana baadaye pia. Matawi hayalazimiki kuwa na kina sawa. Ukiona fungu limeripotiwa kufika asilimia 90 wiki baada ya wiki, ni kubwa mno. Ukiona msimamizi anajaza fomu zaidi ya anavyokagua, mafungu yamekatwa vipande vidogo mno.

Wapo watakaosema mchanganuo wa gharama unatosha. Huo mara nyingi huhesabu kinachonunuliwa, ilhali mawe, mchanga na maji yaliyoletwa kwa nguvu za wananchi ni kazi hata kama hayana risiti, na siku yasipoletwa fundi husimama. Watasema pia kwamba mwanzoni haiwezekani kujua yote. Ni kweli, lakini kanuni inadai ukamilifu wa kila ngazi, haidai undani wa kila tawi: umaliziaji unaweza kubaki jina moja lenye makadirio yake, ukachanganuliwa paa linapoanza. Jina lake tu ndilo lisikosekane. Kanuni haitatuambia kama shule ilihitaji madarasa au vyoo, wala kipi kitangulie kipi. La kwanza ni la mkutano wa kijiji, la pili ni la ratiba.

Kwa hiyo kamati ya ujenzi, kabla ya kupokea asilimia yoyote kwenye ripoti, iulize: asilimia ya nini? Asiyeweza kuonyesha matawi yote asiruhusiwe kutaja asilimia.