Viambishi vya mahali katika majina ya Kibantu

Viambishi vya mahali ni vipashio vinavyogeuza jina la kitu au mtu kuwa jina la mahali. Katika Kiswahili, kiambishi tamati *-ni* hueleza mandhari au makazi: Mbuyuni ni penye mbuyu, Kisimani ni penye kisima, yaani mahali watu walipochota maji. Umiliki huonyeshwa na *kwa*, kama Kwa Aziz Ali jijini Dar es Salaam. Muundo huohuo umo katika KwaZulu, Afrika Kusini.

Jina hushika hali ya wakati lilipotolewa. Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, hutaja mkunazi, ingawa mtaa umejaa majengo ya mawe na ndiko lilikokuwa soko la watumwa, ambapo leo pana kanisa kuu la Kianglikana. Soko halikuacha alama katika jina; mti umeacha.

Si kila *-ni* ya mwisho ni kiambishi. Ikiondolewa, sharti ibaki nomino inayojulikana: Mikocheni hubakiza *mikoche*, lakini Amani, milimani Usambara, hubakiza *ama*, ambayo si nomino. Hapo *-ni* ni sehemu ya neno lenyewe, lenye asili ya Kiarabu.