Sauti Iliyovishwa Picha: Podikasti Ilivyogeuka Kuwa Video

Mkazi wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, akitafuta kwenye simu mazungumzo marefu ya Kiswahili, yawe ya dini, siasa au kilimo cha mpunga, mara nyingi hukutana na sauti iliyovishwa picha. Kava moja limeganda kwenye kioo, mstari wa mawimbi unaruka chini yake, na maneno yanapita kadiri mtu anavyozungumza. Cha kutazama hakuna. Ukiweka simu mfukoni hupotezi kitu, isipokuwa bando.

Mtindo huu haukuzaliwa kwa sababu wasikilizaji walidai picha. Ulizaliwa kwa sababu mitandao mikubwa ilijengwa bila kuipa sauti nafasi yake. YouTube ilipoanza mwaka 2005 ilipokea video tu. Aliyekuwa na wimbo mkononi ilimlazimu autafutie picha kwanza. Facebook nayo, na Twitter ya wakati ule, hazikuwa na njia ya mtu kupakia faili la MP3 na likasikika papo hapo.

Kwetu walioona ujanja huu mapema walikuwa watu wa muziki. Kabla bando halijawa la kawaida, nyimbo zilisafiri kwa memori kadi na bluetooth: unampa fundi wa simu kadi yako, anakujazia. Wasikilizaji walipohamia YouTube, wasanii wa Bongo Flava walianza kupandisha nyimbo kabla video haijapigwa, kava likiwa limetulia na jina la wimbo likifuatiwa na maneno “Official Audio”. Baadaye wakaongeza mistari inayocheza kwa mdundo. Waliokuja na podikasti walikuta watazamaji wamekwisha kuzoea kukodolea macho picha isiyosogea.

Mawimbi yenyewe ni ya zamani kuliko santuri. Machi 25, 1857, Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alipata hataza ya chombo kilichochora mtetemo wa sauti kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Chombo hicho hakikuweza kurudisha sauti. Alichotaka Scott ni sauti isomwe kwa macho, basi. Ilichukua hadi mwaka 2008 kwa watafiti wa Marekani kuusoma kwa kompyuta mchoro wake mmoja wa mwaka 1860 na kuusikia ukiimba. Umma wa mtandaoni ulizoeshwa mchoro wa namna hiyo na SoundCloud, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambako wimbi lilikuwa na kazi ya kweli: unaligusa mahali unapotaka, na sauti inaanzia hapo.

Wimbi la kwenye video halina kazi hiyo. Kazi yake ni kumwambia mtu anayepitisha kidole haraka kwamba hapa pana mtu anaongea. Haja hiyo ilikua baada ya mwaka 2013, Facebook ilipoanza kuchezesha video bila kuguswa, tena bila sauti. Picha tuli isiyotoa sauti hufanana na picha nyingine yoyote, na mtu huipita.

Waliolitafutia tatizo hilo dawa hadharani walikuwa redio ya umma ya New York, WNYC. Mwaka 2016 walitoa bure programu yao iitwayo Audiogram, iliyoandikwa na Noah Veltman. Ilikuwa ikifanya kazi kwa jasho: inapima sauti, inachora picha moja kwa kila fremu, kisha inazikabidhi kwa FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2000 na Fabrice Bellard, izishone na sauti kuwa video. Kipande cha sekunde 30 kwa fremu 20 kwa sekunde ni picha 600. Kipindi kizima cha nusu saa ni picha 36,000, ndiyo maana chombo kile kilifaa vipande vifupi. Maandishi yake pia yalikuwa sentensi moja iliyokaa palepale mwanzo hadi mwisho. Huduma zilizofuata, Headliner ikiwamo, ndizo zilizoyafanya maneno yafuatane na sauti.

Hapo ndipo Kiswahili kinapodai kazi ya mkono. Tuchukue kipindi cha nusu saa juu ya maji ya mashamba ya Usangu. Faili la maandishi aina ya SRT lina namba, muda wa kuanza na kumaliza, kisha maneno:

```
12
00:00:41,200 --> 00:00:44,000
Maji yakichelewa kufika Ubaruku,
miche inakauka kitaluni.
```

Programu za kutambua usemi hukosea sana majina kama Ubaruku, Igawa au Utengule, na huvuruga zaidi mzungumzaji anapochanganya Kisangu katikati ya sentensi. Lazima mtu asikilize na kurekebisha. Vitenzi vyetu navyo ni virefu, kwa hiyo mstari wa herufi 40 hujaa upesi. Ni afadhali kukata mahali mtu anapovuta pumzi kuliko pale mstari unapoishia.

Maandishi yakipishana na sauti, angalia mstari wa kwanza na wa mwisho. Yote miwili ikipishana na sauti kwa sekunde zilezile, basi kuna aliyeongeza au kukata kibwagizo cha mwanzo baada ya maandishi kuandaliwa. Sogeza faili lote kwa muda huo na kazi imekwisha. Kama mwanzo uko sawa na mwisho umechelewa, kasi ya faili mojawapo imebadilika, na kusogeza hakutasaidia. Rudi kwenye faili la sauti lililotumika kuandikia. Na wimbi likilala kama uzi ilhali mtu anaongea, tatizo si mchoro. Sauti ilirekodiwa chini mno. Ipandishe kwanza, ndipo uchore.

Gharama ya wimbi watayarishaji wengi wa mjini hawaihesabu. Nusu saa ya sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 29. Ukiweka kava tuli, video inaongezeka kidogo tu, kwa sababu kompyuta huhifadhi picha mara moja na kuandika kwamba hakuna kilichobadilika. Mstari unaoruka hubadilika kila fremu. Tukikadiria kilobiti 400 kwa sekunde kwa ajili ya picha, ni MB 90 zaidi, na jumla inakaribia 120. Anayelipia bando ananunua sauti ileile mara nne.

Kwa hiyo naona mawimbi yabaki kwenye kipande cha kuvutia watu, sekunde 30 ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa kikomo cha Status ya WhatsApp, maandishi yakiwa yamechomwa kabisa ndani ya picha maana huko hakuna pa kupakia SRT. Kipindi kizima kiende YouTube kikiwa na kava tuli, na SRT ipakiwe kando ili msomaji aiwashe au aizime. Google yenyewe, ilipofunga Google Podcasts mwaka 2024 na kuwaelekeza wasikilizaji YouTube Music, iliwawekea watayarishaji njia ya kuunganisha mlisho wa podikasti na YouTube. Video inayotoka huko ni kava na sauti, bila wimbi lolote.

Watayarishaji, chini ya kila video wekeni pia kiungo cha faili la sauti tupu. Msikilizaji aliye shambani Mbarali, simu ikiwa mfukoni, anahitaji hizo MB 29 tu.