Kauli Fikishi, Si Kauli Taarifa

Wakenya husema usemi wa taarifa, Watanzania kauli taarifa, na pande zote mbili zimeridhika. Mimi sijaridhika. Taarifa ni neno la Kiarabu lenye shina moja na arifu, maarifa na maarufu. Shina hilo linahusu kujua na kujulisha. Lakini taarifa ya habari nayo hujulisha, na tangazo la msiba pia, bila kubeba kauli ya mtu mwingine. Tunachokitaka hapa ni maneno yaliyotoka kinywa kimoja yakapitishwa na kingine. Kiswahili kina kitenzi chake: kufikisha. Tunafikisha salamu, tunafikisha ujumbe. Kama kamati za istilahi zilimeza shirikishi bila kukwama, zimeshindwaje na kauli fikishi? Niliwahi kulipendekeza jina hilo, nikajibiwa kwamba halijazoeleka, na waliojibu ndio wenye kazi ya kuzoesha.

Jina hili lina faida nyingine: linatukumbusha kwamba ujumbe unatakiwa ufike mzima. Vitabu vingi vya shule hufundisha kwamba -ta- hugeuka -nge-, na kesho hugeuka siku iliyofuata. Mwanafunzi aliyepata alama zote huingia ofisini na kanuni hiyo. Alhamisi mteja anampigia simu: "Nitalipa kesho, mkishanitumia ankara iliyosahihishwa." Naye anamwandikia meneja barua pepe: "Mteja alisema angelipa siku iliyofuata."

Meneja anaisoma Jumatatu. Kwa masikio ya kila siku, angelipa ni mtu ambaye hakulipa, tunasema "ningekuja, ila mvua." Basi meneja anaona deni limekataliwa, anaamuru mzigo uzuiwe. Siku iliyofuata ilifuata ipi, hajui, maana siku ya simu haikutajwa. Baya zaidi, sharti limeanguka njiani: ankara iliyosahihishwa ilikuwa juu yetu kuituma, na mteja bado anaisubiri.

Kauli fikishi ingekuwa hivi: "Alhamisi mteja alisema atalipa Ijumaa, tarehe 14, tukishamtumia ankara iliyosahihishwa." Ahadi ambayo bado iko mbele inabaki na -ta-, hata kama kitenzi cha kusema kiko wakati uliopita. Nafsi ndizo zinazolazimika kuhama: mkishanitumia inakuwa tukishamtumia.

Nafsi zina mtego wake, kwa kuwa a- yetu haibagui mtu. "Meneja alimwambia mteja kwamba atasaini mkataba wake" inaweza kumaanisha yeyote kati ya wawili hao asaini, na mkataba ni wa yeyote kati yao. Hapo rudia cheo: "kwamba mteja ndiye atakayesaini." Mwalimu wa insha atalalamika kuhusu urudiaji, mwache alalamike.

Kuhusu matumizi, kwa kifupi: taja siku kwa tarehe, usiandike alidai pale mtu aliposema tu, na kiasi cha fedha kinukuu kwa maneno yake mwenyewe ndani ya alama za mtajo. Kamati bado zinaweza kunijibu.