Sanduku la Guka

Miaka yote niliyokaa Bahati, sanduku la Guka lilikuwa chini ya kitanda na hakuna mtu aliyeruhusiwa kulivuta. Ukisukuma ufagio hadi ugonge bati, utaulizwa unatafuta nini. Sasa Guka hayuko, Shosho anahamia ushago, na familia imeamua vitu vya mzee viandikwe kabla havijagawanywa. Kazi hiyo nikapewa mimi, mjukuu ambaye hana ofisi ya kukimbilia asubuhi.

Kabla sijaacha chuo nilikuwa nimejifunza kitu kimoja cha maana kuhusu makumbusho ya karatasi: usipange. Unapofungua sanduku la mtu, unapiga picha kwanza, kisha unatoa kitu kimoja, unakiandika, unakipa nambari na kusema kilikuwa juu ya nini na chini ya nini. Mpangilio wa mwenyewe ni habari. Ukishachanganya, habari hiyo hairudi. Na unaandika kwa penseli, kwa sababu wino ukimwagikia karatasi ya mwaka 1950 umeiharibu milele.

Juu kabisa kulikuwa na koti jeusi la harusi na mazishi, mfuko wa ndani una tikiti mbili za matatu. Nambari 1. Chini yake redio iliyokufa, risiti za kodi ya nyumba za kanjo zilizofungwa kwa mpira uliooza, na miwani mitatu, yote ya mguu mmoja. Hizo nilizipitia haraka. Nambari 6 ilinisimamisha kidogo: senti kumi kumi zenye tundu katikati, 11, zimetungwa kwenye uzi kama shanga. Moja ni ya 1952, ya Mfalme George wa Sita. Kenya ilipoanza kutoa pesa zake yenyewe mwaka 1966, hela kama hizo zilikuwa njiani kutoka sokoni, lakini Guka alibaki nazo. Labda alidhani zitarudi.

Nambari 7 ni kikasha cha bati chenye ukubwa wa kiberiti, kina pete ndogo juu. Ni cha kipande. Kuanzia karibu 1920, mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kutembea na karatasi ya usajili yenye alama za vidole vyake, imo ndani ya kikasha kama hiki, na wengi walikining'iniza shingoni. Mwajiri aliandika humo siku uliyoanza kazi, mshahara wako, na siku aliyokuachilia. Ukitoroka kabla hajatia sahihi, huna njia ya kuandikwa mahali pengine, na polisi wanajua pa kukupata. Ilifutwa mwaka 1947, ingawa mpaka leo ukisimamishwa usiku utaulizwa kipande, na hakuna anayeshangaa neno hilo.

Sasa, kikasha ni cha nani? Ndani hakuna karatasi. Guka alizaliwa karibu 1930 (kitambulisho kinasema Januari 1, kama cha wazee wengi), kwa hivyo angeweza kukivaa mwaka mmoja hivi kabla ya sheria kuondolewa. Lakini pete imelika upande mmoja, bati limebaki jembamba kama ukucha. Kamba haifanyi hivyo kwa mwaka mmoja. Nikaandika: yaelekea ni cha baba yake.

Kisha nikafika chini kabisa. Kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa mara nne, na ndani yake vitu vitatu.

Cha kwanza ni kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa bluu, chini kimekwaruzwa tarakimu nne kwa kitu kama msumari. Hiki nilikijua bila kukiona, kwa sababu familia nzima inakijua. Ni kikombe cha Manyani. Alfajiri ya Aprili 24, 1954, jeshi lilizingira Nairobi na kuanza kuingia mitaa ya Eastlands mmoja baada ya mwingine. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa. Wanaume kwa maelfu walipelekwa Langata kuchujwa, na kutoka hapo wengi wakapandishwa magari kwenda Manyani na Mackinnon Road. Mbele ya mistari ya watu walikaa watambuzi waliofunikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho, waliitwa gakunia. Kichwa kikitikisika, umekwenda. Guka alikwenda. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na kwamba alirudi 1957.

Cha pili ni kitabu cha pasi, cha aina iliyotolewa kwa makabila hayo matatu wakati wa hali ya hatari, picha yake ya kijana mwenye shingo ndefu.

Cha tatu kilikuwa katikati ya kurasa za hicho kitabu. Cheti cha utiifu. Jina lake, sahihi ya bwana shauri, 1956.

Niliketi sakafuni. Cheti hicho hakikupewa kila mtu. Kilisema mwenye jina hili ameonekana kuwa upande wa serikali. Uchaguzi wa Machi 1957, ule Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza na Tom Mboya akashinda Nairobi, Mkikuyu hakupiga kura bila cheti hicho. Kilifungua pia njia za kutembea na kufanya kazi. Na mtu aliyekuwa Manyani mpaka 1957 hawezi kukipata 1956. Ama alitoka mapema kuliko tulivyoambiwa, ama hakukaa sana, ama kikombe si chake. Tarakimu za msumari haziwezi kujibu. Hazina jina.

Nikakumbuka mwaka 2013. Juni ile serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa, na mtaani watu hawakuzungumza kingine. Wazee walikuja kumuuliza Guka karatasi zake ziko wapi. Akawaambia zimeliwa na panya. Nimechunguza sanduku lote, pembe kwa pembe. Hakuna panya aliyewahi kuingia humo.

Nilituma picha kwa Anko. Alipiga simu papo hapo.

"Hiyo usiandike."

"Anko, ni orodha. Naandika kilichomo."

"Andika 'karatasi mbalimbali'. Orodha itasomwa mbele ya watu, wengine baba zao hawakurudi. Unataka waseme nini?"

Sikuwa na jibu, na hakuwa amekosea. Lakini pia kuna hili: mtu anayetaka kuficha cheti anakichoma. Guka alikuwa na jiko na miaka zaidi ya 60. Yeye alikikunja, akakiweka na kikombe, akavifunga pamoja.

Jioni nikamuuliza Shosho. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Bila hiyo karatasi tungefukuzwa Nairobi. Baba yako angezaliwa wapi?"

"Alikuwa Manyani, Shosho?"

"Alikuwa Manyani."

"Mpaka lini?"

Alitupa jiwe dogo pembeni. "Alirudi amekonda. Mimi sikuwa nahesabu miezi, nilikuwa nahesabu mbavu."

Nikamsomea nilichoandika. Nambari 10, kikombe. Nambari 11, kitabu cha pasi. Nambari 12, cheti cha utiifu, 1956, kilikuwa ndani ya nambari 11, vyote pamoja na nambari 10 ndani ya kitambaa, chini kabisa.

"Umesahau kitambaa," akasema.

Nilikileta. Alikikunjua magotini, akakigeuza kwenye taa, maua mekundu yaliyofifia na mshono wa mkono. Ilikuwa upande mmoja wa rinda.

"Niliacha mkono wake mwingine kwa mama yangu," akasema. "Huo sijui uko wapi."

Nambari 13.