Jinsi ya kutunza daftari la tredi: andika kabla hujabonyeza

Treda wengi wakiulizwa kwa nini akaunti imeisha, jibu ni "soko lilinigeuka". Ukiwauliza ni oda ipi ilianza kuiharibu na siku hiyo walikuwa katika hali gani, hawakumbuki. Ukurasa wa History kwenye MT5 utakuonyesha bei, muda na faida au hasara. Hautakuonyesha kwa nini uliingia, wala kwamba uliingia ukiwa na hasira. Hiyo ndiyo kazi ya daftari.

Huhitaji kompyuta. Kauntabuku moja ya dukani, kalamu na simu yako vinatosha, uwe Dar au Kisawasawa.

Mambo manne ya kuandika

La kwanza ni chati ilivyo. La pili ni sababu ya kuingia. La tatu ni hali yako ya moyo. La nne ni matokeo. Matatu ya kwanza yanaandikwa KABLA ya kubonyeza oda. Hapa ndipo wengi wanakosea, maana wanaandika jioni baada ya kujua matokeo. Ukishajua umeshinda, akili inakutengenezea sababu nzuri. Ukishajua umepigwa, inakwambia "hata mimi nilikuwa na wasiwasi". Daftari la namna hiyo halina msaada wowote.

Tuchukue mfano

Kijana yuko Kisawasawa, ana akaunti ya dola 100 na anatredi EURUSD. Anaandika hivi:

"Jumanne, saa 4:40 asubuhi. Chati ya saa 1 inapanda. Bei imerudi 1.08200, eneo ambalo imegonga na kupanda mara 2 wiki hii. Chati ya dakika 15: mshumaa umefunga juu, una mkia mrefu chini. Nanunua 1.08260. S/L 1.08060. T/P 1.08660. Loti 0.01. Nikikosea: bei ikifika chini ya 1.08060, basi eneo limevunjika."

Kisha anapiga skrinshoti ya chati na kuandika namba ya tredi kwenye picha ili baadaye aipate haraka.

Hesabu yake ni hii. Kwa loti 0.01 ya EURUSD, pip 1 ni senti 10 za dola. S/L iko pipsi 20 mbali, kwa hiyo akipigwa anapoteza dola 2. Hiyo dola 2 tunaiita 1R, yaani kiasi alichokubali kupoteza. T/P iko pipsi 40, kwa hiyo akishinda anapata dola 4, sawa na +2R. Andika matokeo kwa R, ukishatoa spredi na makato mengine. Ukifanya hivyo unaweza kulinganisha tredi ya leo na ya mwezi ujao hata kama loti imebadilika.

Angalizo kuhusu muda: saa inayoonekana kwenye chati ya MT5 ni ya seva ya broka, si lazima iwe ya kwetu. Chagua moja na uifuate siku zote. Usipofanya hivyo, utashindwa kujua kama hasara zako zinatokea soko la London linapofunguka (saa 4 asubuhi yetu wakati wa kiangazi cha Uingereza, saa 5 wakati wa baridi yao) au usiku.

Hali ya moyo iandikwe kwa vitu vinavyoonekana

"Niko poa" haitakusaidia. Jibu maswali matatu mafupi: Tredi iliyopita ilikuwaje? Nimelala saa ngapi? Hii hela ikipotea, kuna kitu nyumbani kitakwama? Kama ni hela ya mbolea au ya vibarua wa kuvuna mpunga, andika hivyo hivyo. Halafu chagua neno moja: TULIVU, HOFU, TAMAA au KURUDISHA. La mwisho maana yake unataka kurudisha ulichopoteza.

Oda ikiwa wazi, andika pia kila unachokigusa. Ukisogeza S/L, andika saa na sababu. Umeme ukikatika au bando likiisha, andika, lakini usiogope: S/L uliyoiweka inakaa kwenye seva ya broka, itafanya kazi hata simu ikizima.

Daftari linasema nini mwisho wa mwezi?

Tuseme kijana wetu amefikisha tredi 20. Akijumlisha zote anapata -1R, yaani amepoteza dola 2. Angeangalia akaunti tu, angesema mbinu haifai na kwenda kutafuta nyingine. Lakini anazigawa kwa neno la moyo.

Tredi za TULIVU ni 12. Ameshinda 6, ni +12R. Amepoteza 6, ni -6R. Jumla: +6R.

Tredi za KURUDISHA ni 8. Ameshinda 1, ni +2R. Amepigwa 5 za kawaida, ni -5R. Nyingine 2 alisogeza S/L mbali zaidi, kila moja ikamla 2R, ni -4R. Jumla: -7R.

Sasa ana kitu cha kufanyia kazi: akipigwa, afunge simu na asiingie tena mpaka kesho yake. Hiyo ni sheria iliyotoka kwenye namba zake mwenyewe, si kwa mtu wa kwenye grupu.

Usishangilie mapema

Kushinda 6 kati ya 12 kunaonekana kuzuri, lakini kunaweza kuwa bahati. Kwa malengo ya 2R dhidi ya 1R, mtu anayeshinda tredi 1 kati ya 3 hapati wala hapotezi, kabla ya spredi. Na mtu huyo huyo asiye na faida yoyote anaweza kushinda 6 au zaidi kati ya 12, kama mara 18 kati ya 100, kwa bahati tu. Kwa hiyo fikisha tredi 100 za aina moja ndipo uamue, tena ikiwezekana kwenye akaunti ya demo au kwa loti 0.01.

Utajuaje daftari lako linakudanganya?

Fungua History na uhesabu. Kama huko kuna oda 31 na daftari lina 24, zile 7 ulizoziruka huenda ndizo zenye aibu. Dalili nyingine: tredi zilizoshinda zina maelezo marefu, zilizopigwa zina mstari mmoja. Na kama kila mahali umeandika TULIVU, soma tena muda wa oda. Oda 3 ndani ya dakika 10 baada ya hasara si utulivu.

Jambo la mwisho ni gumu kulikubali. Mwaka 2018, ESMA, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ilieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye biashara ya aina hii, inayoitwa CFD, hupoteza pesa. Kwa hiyo kama baada ya tredi 100 hata zile za TULIVU ziko kwenye minasi, tatizo si moyo wako. Mbinu yenyewe haina faida, na daftari limekwambia uache wakati hela ya shamba bado ipo.