Nani Ashikaye Mkoba? Mali na Kazi ya Mwanamke katika Utengano

Kila ninaporejea Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980, huvutiwa zaidi na wanawake wawili, mama na mwana: Bi Farashuu na Mwanasururu. Ndani yao mwandishi ametenga mambo mawili tuliyozoea kuyachanganya, yaani kuwa na mali na kuwa na kazi.

Mwanasururu alikuwa na mali. Kwa sheria ya Kiislamu, inayofuatwa katika mahakama za kadhi Zanzibar, mali ya mke ni yake hata akiolewa, na matunzo yake ni juu ya mume. Lakini Maksuudi, mumewe, ndiye aliyesimamia kila kitu, na mwisho Mwanasururu akatoka mikono mitupu. Sheria ilimpa umiliki; ndoa ikampa mume mkoba. Haki isiyo na mkono wa kuishika haikumfaa kitu.

Bi Farashuu hana mali, ana ukunga. Maksuudi amewafungia ndani Tamima, mkewe wa sasa, na binti yao Maimuna, lakini uchungu wa uzazi haungoji ruhusa ya mwenye nyumba. Mkunga anaitwa, anaingia, na mlango uliofunguliwa kwa ajili yake unampatia Maimuna njia ya kutoka. Ufundi wa mwanamke maskini umefika mahali ambapo utajiri wa bintiye haukufika. Si ajabu kwamba Maksuudi anamwacha Tamima kwa kosa hilo: ametambua kwamba amri yake imevunjwa na kazi asiyoweza kuifanya wala kuizuia.

Hata hivyo, riwaya haituambii kwamba kila kipato ni uhuru. Maimuna, aliyelelewa bila kazi yoyote, anaangukia kwa Mama Jeni. Huko fedha inaingia, lakini kwanza inapita katika mkono wa mwingine. Amebadilisha mlinzi wa mlango tu.

Kipimo hicho kinafaa hata nje ya kitabu. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje mwaka 1989, wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja wamekuwa wakifunga mbegu kwenye kamba, wakavuna, wakaanika na kuuza wenyewe. Mwanamke hupokea fedha mkononi mwake, na hapo ndipo sauti yake nyumbani inapoanza kusikika. Lakini bei hupangwa na mnunuzi, na aina ya kotoni, iliyo na bei nzuri, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto. Zaidi ya hayo, mume aonaye mkewe analipa ada ya shule aweza kuacha taratibu matunzo ambayo sheria bado inamdai. Hapo mke ameongeza mzigo, si mamlaka.

Basi tusiishie kuuliza mwanamke anapata kiasi gani. Tuulize fedha hiyo inapita mikono mingapi kabla ya kufika kwake, na ikishafika, nani ameacha kutoa.