Beti ya Mumbo

Ukipanda matatu ya kutoka Kendu Bay kwenda Homa Bay asubuhi, usishangae mhubiri akisimama kabla hata kondakta hajaanza kukusanya pesa. Hoja yake huwa ni ile ile. Kama Mungu hayuko na mimi niliamini, nimepoteza nini? Vijumapili kadhaa na soda. Lakini kama yuko, na wewe hukuamini, ndugu yangu, umepoteza kila kitu, tena milele. Siku moja mama mmoja aliyepakata kuku wake alimwuliza bila hata kugeuka, "Sasa pasta, niende ya Jumamosi ama ya Jumapili?" Gari zima likacheka. Pasta akasema hiyo ni mada ya siku nyingine, akashukia njiani.

Swali la mama lina umri. Hoja yenyewe inajulikana sana kwa jina la Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, mwanahesabu aliyesaidia kuanzisha hesabu za bahati nasibu. Alifariki 1662, na maandishi yake juu ya dini yakachapishwa 1670. (Waislamu wanaweza kutabasamu hapa, maana Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alikuwa ameshawaambia wenye shaka kitu cha namna hiyo.) Pascal alisema akili peke yake haiwezi kuamua kama Mungu yuko, na kukataa kuchagua pia ni kuchagua. Basi hesabu kama mchezaji: dau lako ni maisha haya mafupi, na zawadi ni uzima usio na kikomo. Hata uwezekano wa kushinda ukiwa mdogo kiasi gani, mradi si sufuri, mwenye akili ataweka dau.

Ukisoma hoja hiyo Paris, wachezaji ni wawili tu: kuna Mungu wa Wakristo au hakuna kitu. Pascal alifikiria dini nyingine pia, na alikuwa na sababu zake za kuziweka kando, lakini ndani ya hesabu yenyewe hazimo. Sasa ihamishe hesabu hiyo hadi Nyanza ya Kusini, yaani Homa Bay na Migori za leo pamoja na Gusii, mwaka wa 1914. Mambo yanabadilika haraka.

Wakati huo Waluo walikuwa na Nyasaye, ambaye hakuhitaji beti kwa sababu hakuna aliyekuwa na shaka naye. Kisha mwaka 1906 wakaja Waadventista. Arthur Carscallen, akiwa na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, walianzisha misheni Gendia, karibu na Kendu Bay. Wakaleta Sabato, shule, nguo, na habari kwamba mwisho wa dunia hauko mbali. Mwaka 1911 Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua kituo Nyabururu, upande wa Kisii, wakiwa na Jumapili yao na Papa wao. Hapo tayari swali la mama wa kuku lilikuwa limezaliwa.

Halafu, 1913, akaja Mumbo.

Habari zake tumezipata zaidi kupitia kwa maafisa wa kikoloni walioziandika wakiwa na hofu, kwa hiyo zisomwe kwa tahadhari. Kwa kifupi ni hivi. Onyango Dunde wa Alego, ng'ambo ya ghuba, alisema nyoka mkubwa alitokea ziwani, akammeza, akamtapika akiwa mzima, kisha akampa ujumbe. Nyoka alijitambulisha kuwa ni Mumbo, mungu mwenye makao mawili, ziwani na kwenye jua. Wanaomkubali wataishi milele wakiwa na kila kitu. Mazao yatajiotea bila jembe, na mifugo itapanda kutoka ziwani. Wasioamini watakufa, wao na familia zao na ng'ombe wao. Ukristo umeoza, pamoja na tabia yake ya kuvalisha watu nguo. Wafuasi wafuge nywele, wavae ngozi, wavute bangi, na kila siku wamchinjie Mumbo, hasa mafahali weusi. Wasiogope kumaliza zizi, kwani ng'ombe wasio na idadi watakuja kutoka kwa Wamasai na Wanandi. Na Wazungu? Karibuni watatoweka wote.

Isome tena kama mchezaji wa Pascal. Zawadi haina mwisho. Adhabu ni ya kufuta ukoo. Na kuna sharti kwamba huwezi kushika huku na kule, kwa sababu nguo ambazo Gendia wanakuvalisha ndizo Mumbo anakuvua. Ujumbe ulivuka ziwa, ukashuka Nyanza ya Kusini na kuingia Gusii.

Sasa hebu tumfikirie mzee mmoja wa pale Karachuonyo, wa kubuni tu, mwenye ng'ombe 20. Mjumbe wa Mumbo anamwambia achinje fahali mmoja. Mzee anaona uwezekano wa jambo hili kuwa kweli ni mmoja kati ya elfu. Kama ahadi ingekuwa ng'ombe 100, hesabu ni rahisi: 100 kwa 1,000 ni sehemu moja ya kumi ya ng'ombe. Fahali mzima kwa kipande kama hicho? Hapana. Ahadi ikipanda hadi ng'ombe 5,000, thamani ya beti inakuwa ng'ombe watano, na mzee anaanza kunoa kisu. Hadi hapo hatuna ugomvi, ndivyo hata bima inavyohesabiwa.

Lakini mjumbe hakusema 5,000. Alisema bila kikomo. Na elfu moja kugawa kitu kisicho na kikomo hakukipunguzi: kinabaki bila kikomo. Mzee akisema, "aa, mimi naona ni moja kati ya milioni," jibu ni lile lile. Moja kati ya bilioni, lile lile. Kwa hoja hii, anapaswa kuchinja fahali, na kesho mwingine, mpaka zizi liwe tupu, na wakati wote atakuwa ameweka dau zuri.

Anapokata shauri, anapita mwalimu wa Gendia na Biblia yake. Naye anaahidi uzima wa milele. Thamani ya beti yake? Bila kikomo. Ya Nyabururu? Bila kikomo. Mzee hawezi kusema ipi ni kubwa, kwa sababu kwenye hesabu hii zote zimefika mahali pamoja. Denis Diderot, Mfaransa wa karne iliyofuata ile ya Pascal, alilisema hili kwa ufupi: imamu naye anaweza kutumia hoja hiyo hiyo. Wanafalsafa huiita pingamizi la miungu wengi. Pale Karachuonyo haikuwa falsafa, ilikuwa ni nani amebisha hodi leo.

Kuna kitu kibaya zaidi, na hiki hata mungu mmoja peke yake hakikwepi. Tuseme mzee amechoka, anarusha sarafu: kichwa achinje, mkia asichinje. Nusu ya kisicho na kikomo ni nini? Ni kisicho na kikomo. Kwa hiyo kurusha sarafu ni kuzuri sawasawa na kuamini kabisa. Hata akisema, "wacha nipande mtama wangu, labda nikivuna nitaamini," ile "labda" inatosha kuvuta zawadi yote. Mwanafalsafa Alan Hájek amelieleza hili vizuri: kila tendo unaloweza kufanya lina uwezekano fulani, hata mdogo, wa kukufikisha kwenye imani, basi kila tendo lina thamani ile ile. Hoja iliyokuja kumwambia mzee afanye nini inaishia kumwambia afanye lolote.

Watu wa Nyanza ya Kusini hawakuhesabu hivyo, na hapa historia inatufaa kuliko ubao. Septemba 1914, vita kuu ikiwa changa, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka Tanganyika na kuingia Kisii, makao ya utawala wa wilaya yote. Maafisa wa Kiingereza waliondoka, na wamisionari waliokuwa mjini pia. Tarehe 12 Septemba kukawa na mapigano kati ya Wajerumani na askari wa KAR, na Wajerumani wakarudi walikotoka. Lakini katika zile siku chache, watu walitazama wakaona jambo ambalo mjumbe alikuwa amelitaja: Wazungu hawapo. Mji wa Kisii ukaporwa, pamoja na misheni.

Si kila aliyebeba bati siku hiyo alikuwa mfuasi wa Mumbo. Wengine walikuwa na hasira za kodi na kazi za lazima, na wengine waliona tu mlango uko wazi. Hata hivyo, angalia utaratibu wa mambo. Ahadi ilikuwa haijabadilika tangu 1913, bado ilikuwa haina kikomo. Kilichobadilika ni dalili. Uwezekano ulipanda mbele ya macho yao, na wengi zaidi wakaamini. Katika hesabu ya Pascal kupanda huko hakupaswi kuongeza chochote, kwa sababu moja kati ya bilioni na tisa kati ya kumi zinatoa jibu moja. Watu walitazama kitu ambacho hoja inakifuta.

Waingereza walirudi baada ya siku chache, wakaadhibu watu kwa kuwanyang'anya ng'ombe na kuwapeleka kazini. Ng'ombe wasio na idadi hawakuja, na waliokuwapo wakapungua.

Watetezi wa Pascal wana jibu, na si la kudharau. Wanasema: zawadi zikiwa sawa na zote hazina mwisho, chagua yule mungu mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Ni ushauri mzuri, na ndivyo mama wa kuku angefanya. Lakini ukiufuata, inabidi uanze kuchunguza: nani alimwona nyoka, nani aliandika Injili na lini, kwa nini Sabato ni Jumamosi. Yaani unarudi kwenye kazi ile ile ya ushahidi ambayo beti iliahidi kukuondolea. Pasta wetu alishuka haraka kwa sababu hiyo, nadhani.

Na kuhusu "umepoteza nini," Mumbo anatoa mfano mchungu. Pascal alishauri asiyeweza kuamini aanze na matendo: ashike maji ya baraka, aombewe misa, imani itafuata. Mumbo alishauri nywele, ngozi na fahali. Dau la Mfaransa linaonekana dogo kwa sababu malipo yake huja baada ya kifo, ambapo hakuna anayerudi kudai. Dau la mfuasi wa Mumbo lililipwa kwa shamba lililoachwa bila kulimwa, na njaa haisubiri kiama.

Imani yenyewe haikufa 1914. Iliendelea, hasa Gusii, na katika miaka ya 1920 serikali ilikuwa bado inakamata viongozi wake na kuhamishia baadhi yao Lamu. Na mlango wa miungu wapya haukufungwa. Mwaka 1963 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walianzisha Legio Maria, na wafuasi wengi wakamwona Ondeto kuwa ni Kristo aliyerudi akiwa mweusi. Alifariki 1991, akazikwa Got Kwer, Migori, ambako mahujaji wenye kanzu za rangi rangi hupanda mlima wakiimba. Ukiwauliza wengi wao kwa nini waliingia, watakueleza kuhusu mtoto aliyepona au ndoto iliyotimia. Bado sijakutana na yeyote aliyeniambia alipiga hesabu.